Dakika Tatu za Owino Uhuru: Kueleza Sababu ya Utafiti Kabla ya Namna Ulivyofanywa

Mhadhara kwa wanafunzi wa utafiti na wakazi, Mikindani

Nimeombwa nizungumzie kazi moja inayowashinda watafiti wengi hodari: kusimama mbele ya watu wasio wa fani yako, ukapewa dakika tatu, ukaeleza utafiti wako nao wakauelewa. Kazi hiyo haifundishiki hewani, kwa hiyo nimechukua utafiti mmoja uliofanywa karibu kabisa na hapa tulipokaa. Ni ule wa madini ya risasi katika damu ya watoto wa mitaa ya Owino Uhuru na Bangladesh, ulioandikwa na Etiang' na wenzake na kuchapishwa mwaka 2018. Baadhi yenu mlioketi hapa mnaifahamu mitaa hiyo kuliko mimi. Kwenu si habari ya kitabuni, na hiyo ndiyo sababu nimeuchagua: utafiti ukielezwa vibaya mbele ya watu unaowahusu, hasara yake ni kubwa kuliko mtu kupoteza alama za mtihani.

Kwanza niseme mtindo huu wa dakika tatu umetoka wapi. Ulianzia Australia, Chuo Kikuu cha Queensland, mwaka 2008. Jimbo lile lilikuwa limekumbwa na ukame, na watu walikuwa wakiombwa kuoga kwa dakika tatu tu, hata wakabandika bafuni vipima muda vya mchanga. Mkuu wa shule ya uzamili akaona kwamba muda huo ungewafaa pia wanafunzi wake, akaanzisha mashindano ya hotuba. Sheria zake mpaka leo ni kali: slaidi moja isiyosogea, hakuna video, hakuna kifaa cha kuonyesha, na ukizidisha sekunde moja umetolewa. Sasa mashindano hayo yamezagaa vyuoni duniani kote. Mimi leo sina haja na mashindano. Nina haja na ule ubano, kwa sababu unamlazimisha mtafiti kuamua ni lipi litangulie.

Hebu sikilizeni namna ambavyo wengi wetu tungeanza, kwa mazoea ya kuandika makala za majarida. "Huu ni utafiti wa kupima jamii kwa wakati mmoja, ambapo watoto wa miezi 12 hadi 59 walichaguliwa kwa kubahatisha kutoka kaya za mitaa miwili. Wazazi walihojiwa kwa dodoso, kila mtoto akatolewa mililita 1 hadi 3 za damu ya vena, na damu hiyo ikapimwa kwa mashine ya kubebeka."

Kila neno hapo ni kweli, na hakuna hata moja linalokaa. Msikilizaji anapewa vipande vya jibu kabla hajajua swali. Kwa nini miezi 12 hadi 59, na si watoto wa shule? Kwa nini mitaa miwili ilhali malalamiko yalitoka katika mmoja? Kwa nini kubahatisha, badala ya kuwaita wale waliokwisha kuugua? Kila uamuzi wa mtafiti ni jibu la shaka fulani. Shaka ile isipokuwa imeshaingia kichwani mwa msikilizaji, jibu lake linampita. Huo ndio msingi wa yote nitakayosema jioni hii: sababu ya utafiti hutangulizwa ili izae maswali ambayo mbinu zake ni majibu. Kumsisimua mtu ni jambo jingine kabisa. Ukiitaja sababu ipasavyo, msikilizaji mwenyewe ataanza kudai umweleze ulivyofanya.

Lakini wanafunzi wakiambiwa waanze na sababu, wengi hukimbilia kauli pana. Watasema mazingira safi ni haki ya kila mtu, au uchafuzi wa madini mazito ni tatizo linaloikabili dunia. Hiyo si sababu ya utafiti huu. Ingeweza kuwa ya utafiti wa mto Nairobi au wa mgodi wa Zambia. Nawapa kipimo ninachokitumia: taja mtu mmoja ambaye kesho atafanya jambo tofauti kwa kuwa utafiti ule upo, kisha useme jambo hilo ni lipi. Usipompata mtu huyo, bado hujaijua sababu yako, na slaidi nzuri haitakusaidia.

Kwa utafiti wa Owino Uhuru, mtu huyo ni nani? Tuirudie habari yenyewe. Mwaka 2007 kilifunguliwa kando ya kijiji kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi iliyomo. Kijiji kina watu wapatao 3,000. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, baada ya miaka ya malalamiko yaliyoongozwa na Phyllis Omido, ambaye awali aliajiriwa hapo hapo na ambaye mtoto wake mchanga alikutwa na risasi mwilini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2016 wakazi walifungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Hukumu ya Julai 2020 iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kwa hiyo walio na haja na utafiti ule ni wengi: mama, nesi wa zahanati, afisa wa afya wa kaunti, wakili, hakimu. Ndani ya dakika tatu huwezi kuwahudumia wote. Hakimu atataka kujua kama madhara yametoka kiwandani. Nesi atataka kujua ni mtoto gani amtume hospitali. Mama anataka kujua habari za mwanawe. Mimi ningemchagua mama, wala si kwa huruma peke yake. Swali la mama linayabeba na yale mengine ndani yake. Ukimjibu kikamilifu, nesi na hakimu watakuwa wamesikia wanachokihitaji.

Na swali la mama ni zito kwa sababu ya jinsi risasi inavyofanya kazi mwilini. Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ukaipeleka huko kalsiamu iendako, mpaka kwenye mifupa na ubongo. Mtoto mdogo humeza udongo na vumbi kupitia mikono yake, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba utumbo wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya wa mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichomezwa. Kiwango kikiwa kikubwa sana mtoto hupata degedege na anaweza kufa. Kikiwa cha chini, hapana homa, hapana upele, hapana dalili ya kumpeleka mtu zahanati. Ubongo unaokua ndio unaoumia, na ulichopoteza haurudishiwi. Shirika hilo linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama. Mama aliyemkagua mwanawe kucha mpaka utosi akamwona mzima hajapata jibu lolote.

Sasa tuyaweke haya katika dakika tatu. Nimeandika hotuba ambayo mtu angeweza kuisimamisha hapa Mikindani. Nitaisoma kwa mwendo wa kawaida, kisha tuifumue.

"Mama mmoja wa Owino Uhuru ana mtoto wa miaka mitatu. Anakula vizuri, anacheza, analala usingizi. Hatua chache kutoka kwao palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Kiwanda kimefungwa, lakini mama ana swali: je, mwanangu ana risasi mwilini? Hawezi kujua kwa kumtazama. Risasi ikiwa kidogo damuni haileti homa wala upele. Inaharibu ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi. Miaka itapita, mtoto ataonekana mzito darasani, na hakuna atakayekikumbuka kiwanda.

"Wengine watamwambia: mama, kila mtaa una uchafu wake. Kuna rangi za kuta, kuna betri zinazovunjwa vichochoroni, kuna takataka zinazochomwa. Utajuaje ni kiwanda?

"Kwa ajili ya shaka hiyo, watafiti hawakuishia Owino Uhuru. Walikwenda pia Bangladesh, mtaa wa jirani ambao haukuwa na kiwanda cha namna ile. Katika kila mtaa walichukua watoto 65, wa kuanzia mwaka mmoja hadi kukaribia mitano, umri wa kuchezea udongo na kutia mikono kinywani. Waliwachagua kwa kubahatisha, ili wasije wakakusanya wagonjwa peke yao. Wakapima damu ya kila mtoto, na katika nusu ya nyumba wakachukua sampuli za mazingira, udongo ukiwamo.

"Bangladesh, watoto 18 kati ya 65 walikuwa wamefikia kiwango cha risasi kinachotaka mtoto afuatiliwe. Owino Uhuru walikuwa 45. Kwa wastani, udongo wa Owino Uhuru ulikuwa na risasi zaidi ya mara kumi ya ule wa Bangladesh. Na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliokaa chini ya mita 200 kutoka kiwandani.

"Damu ilipimwa mara moja tu, kwa hiyo haituambii mtoto alikuwa na kiasi gani mwaka uliotangulia. Lakini mama sasa anajua mambo mawili. Wanaostahili kupimwa kwanza ni watoto wa karibu na kiwanda. Na kufunga kiwanda hakutoshi, maana udongo wanaouchezea bado uko pale pale."

Hiyo ndiyo hotuba yote, inakaribia maneno 250. Kwa Kiingereza wasemaji wa mtindo huu hukadiria maneno 400 hivi kwa dakika tatu. Msiichukue hesabu hiyo mkaileta kwetu. Neno la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, nalo huwa refu kulitamka. Maneno 250 hadi 300 yanatosha, na yanaacha nafasi ya kuvuta pumzi.

Tazameni kwanza muda ulivyogawanywa. Mbinu za utafiti zinaanza kutajwa karibu na mwisho wa dakika ya kwanza. Mwanafunzi akiliona hilo huogopa, akidhani wataalamu watamwona mwepesi. Lakini angalieni kilichotokea kwa Bangladesh. Katika ile hotuba ya mazoea, mtaa wa pili ulitajwa tu kama sehemu ya mpango. Hapa umekuja baada ya mtu kusema "kila mtaa una uchafu wake." Msikilizaji ambaye hajawahi kusikia habari za kundi la kulinganisha anaelewa mara moja kwa nini lilihitajika, kwa kuwa shaka ile ilikuwa yake yeye. Vivyo hivyo umri. Miezi 12 hadi 59 ni nambari kavu, lakini umri wa kutia mikono kinywani ni sababu. Na kubahatisha kumeelezwa kwa kile ambacho kukosekana kwake kungekiharibu: wangekusanywa wagonjwa peke yao, na idadi ya walioathirika ingevimba.

Sasa niwaambie nilichokiacha, maana uchaguzi mgumu uko huko.

Makala yenyewe inaripoti kwamba wastani wa risasi damuni ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita Owino Uhuru na 3.7 Bangladesh. Ni wastani wa namna ya pekee, unaokokotolewa kwa kuzidisha badala ya kujumlisha, kwa sababu vipimo vya risasi hutawanyika sana: wengi huwa chini na wachache huruka juu mno. Hapa vilianzia chini ya 3.3, ambacho ndicho kiwango cha chini mashine ile inachoweza kusoma, vikafika 53. Mtoto mmoja mwenye 53 angeuvuta wastani wa kawaida juu hata usifanane na mtoto yeyote wa mtaani. Watafiti walifanya sawa kuukwepa. Lakini ukisema 7.4 kwa 3.7 mbele ya umma, watu watasikia "maradufu" na watajiuliza kama 3.7 ni nzuri au mbaya. Watoto 45 na watoto 18, kila upande 65, ni watu wanaohesabika. Kwa hiyo slaidi yangu moja ingekuwa na mafungu mawili ya vitone 65, yamekaa sambamba, vitone 45 vimekolezwa rangi upande mmoja na 18 upande wa pili. Nisingeweka picha ya mtoto wa mtu. Mtaa ni mdogo, na sura ya mtoto aliyetajwa kuwa na sumu itamfuata mpaka shuleni.

Nimewaacha pia wavulana. Miongoni mwa watoto 63 waliofikia kiwango hicho, 39 walikuwa wavulana, na makala inaonyesha kwamba walikuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko wasichana. Habari kama hiyo huvutia, na waandishi wa magazeti wataikimbilia. Lakini ukitazama mipaka ya makadirio ya uwiano kati ya wavulana na wasichana, upande wa chini unagusa 1.0, yaani karibu hakuna tofauti. Jambo lililosimama pembeni kiasi hicho halistahili sekunde kumi katika mia na themanini. Tena lina hatari yake: mama mwenye binti ataondoka ametulia bila sababu.

Na sasa nije kwenye nambari inayowaangusha wengi, hata wenye shahada za juu. Makala inasema kwamba kwa watoto waliokaa chini ya mita 200 kutoka kiwandani, uwiano ulikuwa 33.6 ukiwalinganisha na waliokaa mbali zaidi. Mtu akiiona hiyo, ulimi unamtoka: "Watoto wa karibu wana uwezekano wa kuathirika mara 33 zaidi!" Ni sentensi kali, na si kweli. Naomba tukae hapa kidogo, tufanye hesabu kwa nambari zile rahisi za mitaa miwili.

Owino Uhuru, watoto 45 walifikia kiwango na 20 hawakufikia. Bangladesh, 18 walifikia na 47 hawakufikia. Njia ya kwanza ya kulinganisha ni kuuliza ni sehemu gani ya watoto walioathirika. Utapata asilimia 69 upande mmoja na asilimia 28 upande wa pili. Gawanya: ni takriban mara 2.5. Njia ya pili ni ile ya uwiano wa nafasi, yaani walioathirika kwa wasioathirika. Owino Uhuru ni 45 kwa 20, sawa na 2.25. Bangladesh ni 18 kwa 47, sawa na 0.38. Gawanya: ni karibu mara 6. Watoto ni wale wale, damu ni ile ile, na nambari moja ni zaidi ya maradufu ya nyingine. Athari inapokuwa adimu, njia hizi mbili hukaribiana. Inapokuwa imewapata watoto wengi kama hapa, uwiano wa nafasi hupaa mbali sana na maana ambayo mtu wa kawaida anaipa "uwezekano."

Ile 33.6 ni ya namna ya pili, na inahusu umbali badala ya mitaa. Wanatakwimu huutumia uwiano huo kwa sababu njema: unawawezesha kuzingatia mambo mengine kwa pamoja. Lakini juu ya hayo, makala yenyewe inatoa mipaka ya makadirio, kutoka 7.4 hadi 153.3. Upana huo unatokana na idadi ndogo ya watoto, ambao waligawanywa tena kwa umbali. Kilicho imara ni kwamba hata ukingo wa chini kabisa uko mbali juu ya moja. Kwa hiyo ukaribu na kiwanda ulihusiana sana na risasi damuni, lakini kiasi cha uhusiano huo hakijulikani kwa usahihi. Ndiyo maana katika hotuba nimesema hatari ilikuwa "kubwa zaidi" bila kuitia nambari. Mita 200 nimeziacha zibaki, kwa kuwa mama anaweza kuzipima kwa miguu yake.

Nambari nyingine ya kutazamwa kwa makini ni ile ya kiwango chenyewe. Watafiti walitumia mikrogramu 5 kwa desilita, kipimo cha Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani cha wakati ule. Mwaka 2021 kituo hicho kilikishusha hadi 3.5. Kwa kipimo cha sasa, idadi ya watoto wa kufuatiliwa katika mitaa yote miwili isingepungua, na huenda ingezidi. Jambo muhimu zaidi ni kwamba 5 haikuwa mstari kati ya usalama na hatari. Ni mstari wa kazi: mtoto akiufikia, tafuta risasi inatoka wapi, kisha umpime tena. Mstari wa tiba ya dawa za kuitoa risasi mwilini uko juu zaidi, kwenye 45, na mtoto mwenye 53 alikuwa ameupita. Katika hotuba nimesema "kiwango kinachotaka mtoto afuatiliwe," maneno manne marefu, kwa makusudi. Ukisema "kiwango cha hatari," basi umewaambia akina mama wa watoto wengine kwamba wao wako salama, na utafiti haukusema hivyo.

Hapa nataka niseme na ndugu zetu wa Bangladesh. Mtu akiwa na haraka atauita mtaa wenu "mtaa safi" ili tofauti ionekane kali. Watoto 18 kati ya 65 si usafi. Ni zaidi ya robo ya watoto waliopimwa, na hapakuwa na kiwanda cha kulieleza hilo. Risasi yao ilitoka mahali. Mtafiti mwaminifu hataififisha 18 ili 45 ing'are. Nambari hizo mbili zinasimama pamoja, kila moja na kazi yake.

Limebaki lile la kikomo cha utafiti, sentensi ambayo wanafunzi huiondoa kwanza muda ukiwabana. Nimeitia, na ninaitetea, kwa sababu ya jinsi risasi inavyoondoka damuni. Mtoto akiondolewa kwenye chanzo, kiasi kilichomo damuni hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, ingawa ile iliyokwisha kujificha mifupani hukaa miaka mingi na huendelea kuvuja kidogo kidogo. Kwa hiyo kipimo cha damu huleta zaidi habari za majuma na miezi ya karibuni. Mtoto aliyevuta moshi wa kiwanda miaka mitatu, kisha akahamishiwa kwa bibi yake mashambani, anaweza kupimwa akaonekana chini, na ubongo wake ukawa umeshapata dhara. Mama asipoambiwa hilo, ataichukua karatasi ya majibu kama hati ya usalama. Sentensi moja ya kikomo inamkinga na kosa ambalo utafiti wenyewe ungemtumbukiza.

Tena kuna jambo ambalo upimaji wa mara moja hauwezi kulithibitisha peke yake. Unaonyesha kwamba risasi na ukaribu wa kiwanda vinakwenda pamoja. Haukumfuata mtoto tangu kabla ya kiwanda. Kinachoutia nguvu ni ule mkusanyiko wa dalili: damu, udongo na umbali, vyote vinaelekeza kidole upande mmoja. Kwa sababu hiyo, katika hotuba nimevitaja vitatu hivyo kwa mfululizo, wala sikutumia neno "kilisababisha." Hakimu ana kazi yake ya kupima ushahidi mwingine. Mtafiti aseme kilichomo mkononi mwake.

Mkimaliza dakika zenu tatu mtaulizwa, na hapa Mikindani swali la kwanza linajulikana. Mama atasimama aseme, "Mwanangu je?" Msimjibu kwa asilimia. Asilimia 69 ni ya kundi, haimhusu mtoto wake hata chembe mpaka apimwe yeye. Mjibuni kwa mambo ya kufanyika: apeleke mtoto hospitali aombe kipimo cha risasi damuni na aeleze wanapokaa na muda waliokaa, mikono ya mtoto ioshwe kabla ya kula, sakafu na vyombo vipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa kuwa ufagio mkavu hurusha vumbi, mtoto apate chakula chenye chuma na kalsiamu, maana mwili uliopungukiwa navyo hufyonza risasi zaidi. Dagaa, maharage na mboga za majani vinapatikana hapa hapa sokoni. Na aelezwe bila kufichwa kwamba hayo hupunguza inayoingia, hayasafishi udongo. Kazi ya kusafisha udongo haiwezi kuwa ya mama na kitambaa chake.

Nimalizie na saa. Mkijisomea hotuba kwa sauti mkakuta mmezidisha sekunde kumi na tano, katika hii yangu kwanza ningekata ile sentensi ya udongo kuwa mara kumi, kwa sababu kufungwa kwa hotuba kunautaja udongo tena. Kama bado mmezidi, kateni "anakula vizuri, anacheza, analala usingizi," mbakishe kwamba mama hawezi kujua kwa kumtazama. Msiiguse sentensi ya Bangladesh kuwa jirani bila kiwanda, wala ile ya damu kupimwa mara moja. Sasa nawakaribisha kwa maswali, na ningeomba tuanze na wakazi wa mitaa yenyewe kabla ya wanafunzi.